Aliyewarudisha Watu kwa Paukwa: Maisha ya Mwalimu Apolonia Bujiku (1958–2024)

Waombolezaji, ndugu, jamaa na majirani, tunashukuru kwa kutushika mkono. Mimi ni Nelly, kifungua mimba wake, na familia imenituma niwasomee habari za mama yetu.

Marehemu Apolonia Bujiku alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 hapa Songwa, mtoto wa tatu wa Mzee Bujiku na Mama Asteria, wakulima na wafugaji. Nyumbani walizungumza Kisukuma, na Kiswahili alikikuta shuleni. Alituambia kwamba siku mwalimu wake wa kwanza aliposema “Paukwa!” darasa zima lilikaa kimya, kwa kuwa hakuna aliyejua kuwa anatakiwa kujibu. Mwalimu alidhani wamemdharau, akawachapa wote.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akaendelea na sekondari Shinyanga, kisha chuo cha ualimu. Alianza kufundisha mwaka 1980. Mwaka 1984 alifunga ndoa na baba yetu, Chacha Magesa, fundi mitambo kutoka Mara, wakahamia Geita. Baba hakuwa mtu wa maneno. Alipokwenda kuchumbia alikaa sebuleni kwa Mzee Bujiku mpaka chai ikapoa, hajasema kilichomleta. Mama ndiye aliyechungulia mlangoni akasema, “Hadithi hadithi!” Baba akashtuka, akajibu, “Hadithi njoo!” Wazee wakacheka, na maneno yakapata pa kuanzia.

Migodi mikubwa ilipokuja Geita, ilileta wageni. Mama aliwafundisha Kiswahili jioni, na hakukosa kumuuliza kila mmoja wao swali lilelile: kwenu hadithi mnaifungua vipi, na mnaifunga vipi? Jirani yetu kutoka Ghana alimwambia kuwa kwao, kwa Waakan, msimulizi hutangulia kukana: “Hatusemi kweli, hatusemi kweli.” Akisha kusema hivyo, anaweza kumcheka hata mkubwa na asishikwe kwa neno lake. Akimaliza husema hadithi yake iwe tamu au isiwe tamu, sehemu waichukue, sehemu wamrudishie. Yaani zamu imehama, aliye na yake aitoe. Fundi mmoja wa Ethiopia alimfundisha “Teret teret!” ambayo wasikilizaji huitikia “Ye lam beret!”, zizi la ng’ombe. Mama alilipenda sana zizi hilo. Wahausa huambiwa hadithi hii hapa, nao hujibu ije tuisikie. Waturuki huanza kwa kusema palikuwapo, hapakuwapo. Mama aliwaeleza wanafunzi wake kwamba maneno hayo hayana kazi ya kupamba. Ndiyo yanayomwambia msikilizaji asikie kwa sikio gani, na jibu lake ndilo linaloonyesha kuwa amekubali.

Mwaka 2010 alihamia Kahama, mtaa wa Nyasubi, na baadaye kituo kimoja cha redio kikampa kipindi cha hadithi. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo wengi mmelisikia vibaya. Bwana Salmini, mtangazaji aliyekuwa naye, yupo hapa na ameniruhusu nilisimulie.

Jumamosi tarehe 18 Novemba 2017, alasiri, mama alisimulia ngano aliyoipata kwa yule jirani wa Ghana, ya wachimbaji waliomnyima maji bibi kizee, ardhi ikawafungia ndani ya duara lao, shimo la kuchimbia dhahabu. Alifungua kama kawaida, akakana kama Waakan wanavyokana. Lakini matangazo ya biashara yalikuwa bado yanaendelea, na kipaza sauti chake hakikuwa hewani. Kilipofunguliwa, watu walisikia sauti ya mwalimu wanayemheshimu ikisema: “Duara likajifunga. Wanaume wote wakabaki chini, wakawa wanaita wake zao kwa majina.”

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Huko Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, redio ilikuwa inalia kwenye banda la mama lishe aitwaye Mbuke, na mumewe, Ngassa, alikuwa chini ya duara. Simu ya kwanza ilikuwa ya Mbuke.

“Mwalimu, nitajie majina.”

“Majina ya nani, mwanangu?”

“Ya waliofunikwa! Wanawake wote hapa Mwakitolyo wanakimbilia kwenye maduara. Nitajie kama Ngassa yumo!”

Salmini alikumbuka matangazo, akaelewa kuwa ufunguzi wa ngano haukusikika. Udongo wa ukingoni umelowa, na watu mia wakirundikana pale juu, kilichosimuliwa kingetokea kweli. Akakimbilia kipaza sauti: “Wasikilizaji, hakuna ajali yoyote Mwakitolyo. Narudia, hakuna ajali.”

Ikawa mbaya zaidi. Simu zikamiminika: redio imeambiwa inyamaze, wakubwa wanaficha maiti. Mbuke alikuwa bado hewani, na nyuma yake zilisikika mbio na vilio.

“Kadiri nilivyokana,” Salmini aliniambia, “ndivyo walivyoamini. Nilimtazama mama yako, akaniambia, ‘Unawapa habari nyingine juu ya habari. Hawa hawakufunguliwa hadithi. Lazima wafunguliwe, halafu wafungiwe.’”

Akavuta kipaza sauti. “Paukwa!”

“Mwalimu,” Mbuke akalia, “mimi nataka majina, wewe unaniletea paukwa?”

“Nijibu, mwanangu. Kama kuna mtu aliyekufa ningethubutu kukuambia paukwa? Kuna msiba unaoanza hivyo? Paukwa!”

Salmini anasema yule mwanamke aliitikia kwa sauti ndogo: “Pakawa.”

“Sikusikia. Wote mlio hapo bandani, paukwa!”

“Pakawa!” Safari hii zilikuwa sauti nyingi, za watoto pia.

Akarudia kwa Kisukuma, kwa ajili ya bibi zao. Akasema, “Hatusemi kweli, hatusemi kweli,” akaianza ngano upya tangu mwanzo, taratibu, na Mbuke akatoka nje na redio ameinua juu ya kichwa. Waliokuwa njiani walisimama kusikiliza, na walio ukingoni wakaitwa warudi. Alipomaliza akasema kwa nguvu: “Hadithi yangu imeishia hapo. Iwe tamu, isiwe tamu, ichukueni. Rudini nyumbani.” Ngassa alipanda akiwa mzima, akauliza kwa nini mkewe analia.

Watu wanne waliumia kwa kuanguka katika zile mbio. Mama aliwatembelea wote. Aliitwa kuhojiwa, na kwa wiki kadhaa tulilala tukihofia atafungwa. Walipomwachia alirudi kazini, lakini hakusimulia tena hewani bila kwanza kusikia mtu akimwitikia kwa simu.

Alistaafu mwaka 2018. Baba alitutoka mwaka 2020. Mwaka jana mama alianza kuvimba miguu, ikagundulika kuwa figo zimechoka. Tulikwenda na kurudi hospitali, kila safari tukiogopa majibu zaidi kuliko iliyopita. Daktari kijana alipozunguka sana kumweleza hali yake, mama alimkatiza: “Daktari, hujaniambia paukwa. Kwa hiyo sema kweli.” Daktari akamwambia kweli. Mama akamshukuru, akaomba shuka jingine, akanishika mkono asiuachie. Aliogopa, ndugu zangu. Naye hakutuficha.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa kumi na mbili asubuhi, mjini Kahama.

Ameacha watoto watatu, mimi Nelly, Davis na Asteria, wajukuu saba, dada yake Zamoyoni, aliyelelewa naye ingawa hawakuzaliwa tumbo moja, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwataja wote.

Bwana umpokee mama yetu, umpumzishe mahali ambapo hofu haimfikii.