Keti, Hata Mbele ya Mama Mkwe

Bwana asifiwe! Nasema asifiwe tena, na ninyi mlio kule nyuma karibu na mlango, msiogope baridi ya Kibirichia, fungueni midomo. Bwana asifiwe!

Ndugu zangu, mimi ni Mutwiri, mkulima wa viazi, mnanijua. Nimeokoka na ninampenda Yesu. Lakini ushuhuda wangu wa leo una uchungu ndani yake, kwa hivyo mkiona nimenyamaza katikati, mniombee tu.

Mnamkumbuka kaka yangu Kaberia. Siku ya kumzika tulifarijiana kwamba kifo hakibishi hodi. Ndugu zangu, cha Kaberia kilibisha! Kilibisha mchana kutwa na hakuna aliyeitika.

Ilikuwa siku tuliyompelekea mahari yake kule Kianjai, kwa wazazi wa mchumba wake. Tumesimama uani kwa wakwe, suti zimenyooshwa, tunatambulishwa mmoja mmoja. Nikaona kaka yangu anatokwa na jasho. Nikafikiri ni joto la Kianjai, maana sisi watu wa juu hatulizoei. Akaniegemea, akaninong'oneza, "Mutwiri, kifua kinanibana. Nataka kuketi."

Sasa ninyi mnajua kwetu mkwe ni nani. Mbele ya mama mkwe mwanaume hajiachilii hovyo. Haanguki, halalamiki, hata kikohozi anakimeza. Nikamjibu kama nilivyofunzwa na wazee: "Jikaze, wanatuangalia. Utaketi tukifika nyumbani."

Alijikaza. Alisimama, akacheka, akala mukimo akamaliza sahani. Nyumbani hakufika. Alikatika pumzi njiani, kichwa chake kikiwa kwenye bega langu.

Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa kutembea tu, ndani nimekufa. Nikilima, naisikia ile sauti: "Nataka kuketi." Nikisali, naisikia. Nilimwambia kila mtu kwamba ni mapenzi ya Mungu, na moyoni nikajua kwamba kiti kilikuwa hapo, hatua chache, na hakuna aliyemsogezea. Oh, ndugu zangu!

Ndipo zikatangazwa zile mbio za kilomita kumi, za kuchangia wodi ya akina mama kwenye zahanati yetu. Kanisa likaandikisha timu. Mimi nikajitosa. Sijawahi kukimbia tangu shule, labda nikifukuza ng'ombe, lakini nilisema nitakimbia kwa ajili ya Kaberia.

Asubuhi ile uwanja ulijaa. Wengi tulikuwa wageni wa mbio. Wengine walivaa raba mpya, wengine gumbuti, na mama mmoja alikuja na mkoba wake kama anaenda sokoni. Waheshimiwa walitaka kuhutubu mmoja baada ya mwingine, lakini msimamizi wa mbio, Mwalimu Gacheri, yule mama aliyestaafu akiwa mwalimu wa michezo, alipanda nyuma ya pikapu, akachukua kipaza sauti na kusema, "Waheshimiwa, watu wangu wanapoa miili. Mtaongea tukirudi." Watu wakapiga makofi!

Akasema, "Karibuni nyote. Asanteni, maana kila aliyelipia namba amemjengea mama fulani mahali pa kujifungulia. Ni nani anakimbia leo kwa mara ya kwanza? Inua mkono." Ikainuka mikono kama msitu. "Basi leo naongea na ninyi. Wenye mbio waje hapa mbele. Ninyi kaeni nyuma, na wa kutembea nyuma zaidi, msije mkakanyagwa. Namba ibaki kifuani. Nyuma yake andika simu ya mtu wa nyumbani, na kama una ugonjwa, uandike pia."

Akatueleza njia yote. Tutashika barabara ya kuelekea Kiirua, tutageuka kwenye mapipa mekundu na kurudi njia ile ile. Tukae kushoto, kwa sababu malori ya viazi yamezuiwa lakini bodaboda hazisikii la mtu. Mvua ya jana imeacha utelezi kwenye mteremko. Wenye makoti ya manjano ndio waelekezi, kila mmoja ana filimbi na simu ya upepo. Maji yako sehemu tatu. Unywe kidogo kidogo. Ambulensi iko katikati ya njia, na gari la mwisho linafuata taratibu kuwabeba waliochoka, na kupanda hilo gari si aibu.

"Huku tuko juu, hewa ni nyepesi," akasema. "Anza polepole. Ukiweza kuongea na mwenzako, unakwenda sawa. Ukishindwa kuongea, tembea."

Halafu akashusha sauti. "Na sikieni hili. Ukibanwa na kifua, mkono ukiwa mzito, jasho baridi likikutoka, usinimalizie mbio! Leo hakuna mzee wa kanisa, hakuna mheshimiwa, hakuna mkwe. Keti pale pale ulipo, uinue mkono. Keti, hata mbele ya mama mkwe!"

Uwanja mzima ulicheka. Nami nikacheka, halafu nikamkumbuka Kaberia. Kwa nini mwalimu huyu hakuwa Kianjai siku ile? Mchungaji akaomba, honi ikalia, tukaondoka, na mimi machozi yananitoka.

Kilomita za kwanza nilikwenda vizuri. Tulipogeuka kwenye mapipa na kuanza kupanda, kifua kikanibana kama kamba ya gunia. Mkono wa kushoto ukawa mzito. Nikasema ni mlima tu. Mbele nikaona meza ya maji, na nani amesimama hapo na jagi? Mama Kendi! Mama mzazi wa mke wangu!

Ndugu zangu, niwaambie ukweli mbele za Mungu. Nilinyoosha mgongo. Nilimsalimia kwa mbali, nikatabasamu, nikaamua nijikaze mpaka kwenye kona ya miti ya misipresi ambako hataniona. Ndiyo! Mimi niliyemzika kaka yangu! Tayari nilikuwa nimepiga hatua.

Bwana akanisimamisha. Nilisikia sauti ya Mwalimu Gacheri kama yuko sikioni: "Keti, hata mbele ya mama mkwe." Nikageuka. Nikaketi kwenye matope, miguuni pa Mama Kendi, nikainua mkono.

Jagi lilimponyoka. Mama huyu ambaye hajawahi hata kunigusa mkono alipiga magoti, akafungua leso yake, akanilaza na kuniwekea chini ya kichwa. Akamwita mwelekezi kwa sauti iliyotikisa kijiji: "Piga filimbi! Mtoto wangu anakufa!" Mtoto wangu, alisema hivyo.

Ambulensi ilifika upesi. Wakanipa tembe ya kutafuna, wakanibandika waya kifuani, wakanikimbiza hospitali ya Meru. Daktari alisema mshipa wa moyo ulikuwa umezibwa na damu iliyoganda, wakanitundikia dawa ya kuiyeyusha. Akasema ningeendelea kupanda ule mlima, habari yangu ingekuwa nyingine. Haleluya! Mungu ni mwema!

Lakini nilipoamka nililia, na muuguzi akadhani ni maumivu. Nilikuwa namlilia Kaberia. Kitu kilichoniokoa ni kidogo sana, ndugu zangu. Ni kuketi tu. Na yeye alikiomba kutoka kwangu.

Namshukuru Yesu aliyeweka neno kinywani mwa Mwalimu Gacheri. Namshukuru Mama Kendi, yule pale safu ya mbele. Nawe uliyejikaza kwa sababu watu wanakuangalia, uwe na kifua kinachobana au mzigo wa moyoni, mtumaini Bwana na uinue mkono leo. Na jirani yako akikunong'oneza kwamba amechoka, msogezee kiti.

Mchungaji, sina mengine. Miguu imechoka, na mama mkwe ananitazama.

Naketi.