Leo Umekula Mara Moja

Waheshimiwa wazee wa pande zote mbili; ndugu wakwe zangu, ambao tangu leo sina ujanja wa kuwakimbia; ndugu wageni waalikwa; maharusi wetu; na wewe baba wa binti yetu, uliyekaa pale na mkeo: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mshereheshaji kanipa kipaza sauti akanong'ona, "Mama, maneno machache." Mwanangu, fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kupima. Nivumilie.

Wengi wenu mnajua kwamba mimi na baba wa bibi harusi tulishaachana. Msichojua ni jinsi nilivyoiogopa siku hii. Ni mama gani anayeogopa harusi ya mwanawe? Ni mimi. Gauni hili alilovaa binti yangu nimelishona kwa mkono wangu, na kila nilipolitia pindo nilimwona baba yake akiingia mlangoni. Nilifikiria hata kuugua. Nikajiuliza, niugue nini ambacho mdogo wangu, ambaye ni muuguzi, hatakigundua?

Lakini niliyakumbuka mahafali ya binti huyu. Siku ile mimi na baba yake tulikataa kukaa chumba kimoja. Alikula wali kwangu, akafuta mdomo, akapanda gari akaenda kula wali kwa baba yake, na kote kuwili akasema ana njaa. Kwa hiyo tulipomuuliza anataka zawadi gani ya harusi, hakutaka kabati wala jiko. Alisema, "Nataka picha moja, nyinyi wawili mkiwa ndani, na msininunie."

Basi, lisilo budi hutendwa. Nikajipanga. Niliomba viti vyetu vitenganishwe na wakwe, na mnawaona hapo, wamekaa kama ukuta. Nilifika mapema ili anikute nimeshakaa, nisije nikavuka ukumbi huu mzima huku macho yenu yote yakinifuata. Mbele ya kioo cha duka langu la ushonaji nilijifunza sentensi moja: "Habari za siku nyingi, hongera kwa binti yetu." Basi. Hakuna "unaonekana umenenepa." Na mdogo wangu nikamweka awe mlinzi: nikigusa hereni, aje mbio aseme naitwa jikoni.

Ndugu zangu, sikujua kuwa mimi ni mtu wa kugusa hereni! Nasalimiana na mkwe wangu, huyo kaja: "Dada, unaitwa jikoni." Nazungumza na mchungaji, huyo: "Dada, jikoni." Wapishi wameniona mpaka wakaniuliza kama nimekuja kuwakagua.

Kisha mpiga picha akaita, "Wazazi wa bibi harusi, bega kwa bega!" Nikaukumbatia mkoba wangu kama ngao, na aliyeniona ni mke wa baba wa bibi harusi. Akanisogelea taratibu akasema, "Dada, nikupokee mkoba?" Akaupokea, akarudi nyuma, akatuachia nafasi. Wewe uliyenipokea mkoba, mdogo wangu wa hiari, mbele ya watu hawa wote, nakushukuru. Ungeweza kusimama pale pale, na usingekosea.

Nikasema sentensi yangu. Baba wa binti yetu akajibu, "Salama. Gauni umelishona vizuri sana." Kisha akaniinamia: "Umesikia kaka yangu anavyokohoa? Si mgonjwa. Nilimwambia akiniona na wewe akohoe, nipate sababu ya kuondoka."

Shemeji, dereva wetu wa lori, kumbe ndiyo maana! Watu wamekuletea maji ya moto na asali tangu asubuhi!

Nilicheka, waheshimiwa. Nilicheka kwa sauti, naye akacheka, na mpiga picha akabonyeza. Miaka yote nimedhani hofu hii ni yangu peke yangu, kumbe mwenzangu naye kalala macho. Hatukurudiana, wala msianze kunong'ona huko nyuma. Kila mtu ana kwake. Lakini lile jiwe lililonikaa kifuani limeondoka, na nasema wazi: nimefurahi kuja. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Mdogo wangu muuguzi, na wewe shemeji mkohozi, kuanzia sasa nimewaachisha kazi ya ulinzi. Kaeni mle.

Bwana harusi, nimekukabidhi binti mwenye moyo mkubwa kuliko wa wazazi wake. Mpende.

Na wewe mwanangu, nimekutazama tangu chakula kilipopakuliwa. Umekula sahani moja, ukaisukuma, ukasema umeshiba. Baba yako alikuwa upande wa kulia wa ukumbi huu, mimi kushoto. Hukupanda gari kwenda popote. Leo umekula mara moja.

Wageni wetu, kwa kuja, kwa kula nasi na kwa kunistahimili nilipopitiliza maneno machache, asanteni sana kwa kunisikiliza.