Mikoko ya Mlimani

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya Kibiti, pale mabasi ya Lindi yanapopunguza mwendo na wauza korosho wanapopata nafasi ya kuyakimbilia. Kina mabenchi mawili, birika la kahawa la Abubakary, na mamlaka kamili ya kutoa hukumu juu ya jambo lolote ambalo Serikali bado inalifanyia uchunguzi. Asubuhi hiyo tulikuwa na kesi nzito. Mshamu, mkulima wa mpunga kutoka visiwani deltani, alikuwa ametoka ofisi ya elimu ya halmashauri kuuliza habari za binti yake, Semeni. Matokeo ya darasa la saba ya shule yao yalikuwa yamefutwa, darasa zima, kwa udanganyifu. Mtoto alikuwa amemwacha kwa shangazi yake, nyuma ya soko.

– Sasa wamekwambiaje? – aliuliza Hemedy, dereva wa bodaboda tunayemwita Waziri kwa sababu hajawahi kukiri kwamba kuna kitu asichokijua.

– Wamenambia, "kumebainika mfanano usio wa kawaida wa majibu."

– Mfanano si ndio umoja wenyewe! Kila siku wanatuhubiria umoja, watoto wameungana, wamefutiwa.

– Tena wamekaa darasa moja miaka saba – alidakia Mwinjuma, mshona viatu, jina la kijiweni Takwimu. – Asilimia tisini ya watu wanaokaa pamoja hufanana hata kikohozi.

– Hiyo asilimia umeitoa wapi?

– Kwenye utafiti.

– Wa nani?

– Kunywa kahawa yako, Mshamu.

Pembeni alikaa Mwalimu Gasper, anayefundisha fizikia sekondari. Alikuja kutoka Moshi akisema atakaa mwaka mmoja tu. Sasa anatia nazi hadi kwenye maharage. Akaweka kikombe chini.

– Wakipatia wote, hakuna neno, ndiyo kazi ya kufundishwa. Lakini wakikosa swali lile lile, wote, kwa herufi ile ile, hapo mashine ya kusahihishia inashtuka. Mzee Mshamu, walikosa nini?

Mshamu alitazama kahawa.

– Liliulizwa swali, mikoko huota wapi.

Tukacheka. Mtoto wa delta kuulizwa mikoko! Wanazaliwa wanaiona, wanacheza juu ya mizizi yake maji yakipwa.

– Wamejibu, milimani kwenye baridi kali.

Kicheko kikakatika.

– Wangapi? – aliuliza Takwimu, kwa mara ya kwanza akitaka takwimu ya kweli.

– Wote.

Ikabidi Mshamu aseme, na alisema kama mtu anayetapika. Wiki ya mtihani wazazi waliitwa kikao. Wasimamizi wanatoka shule nyingine, wamevuka maji, hawana ndugu pale. Si uungwana wageni walale njaa. Ukatolewa mchango wa kitoweo. Kuku wakachinjwa, pilau ikapikwa. Na kila mzazi alielewa kwamba kuku yule hakuchinjwa kwa ajili ya njaa.

– Bahasha za mtihani zinakuja zimefungwa – alisema Gasper. – Zinalala chumba chenye ulinzi, zinasindikizwa na askari, zinafunguliwa ndani ya chumba cha mtihani, watahiniwa wakiona. Ndiyo kanuni.

– Kanuni ilikuwa inakula pilau, mwalimu. Bahasha ilichanwa alfajiri. Wasimamizi na walimu wakajifungia ofisini kwa mwalimu mkuu, wakakokotoa mbiombio, wakaandika herufi tupu kwenye vikaratasi vya kuwapa watoto. Aliyenakili akaruka swali moja. Basi herufi ya swali la mlima Kilimanjaro ikakaa kwenye mikoko, na nyingine zote chini yake zikapanda ngazi moja.

– Sasa hapo – alisema Waziri, akinyoosha kidole – ndipo ninapokasirika. Wamekula kuku wa watu, halafu wanakosea kunakili! Huo ndio uadilifu?

– Unakasirikia hilo? – Gasper akamkazia macho.

– Nalikasirikia sana! Mimi naona mkono wa shule za kulipia. Zilimtuma mtu avuruge vikaratasi ili watoto wa delta wasiwafikie.

– Bado hujafika – alisema Takwimu. – Ile mashine yenyewe imetegwa. Ikisoma jina la shule ya ng'ambo ya maji, inawasha taa nyekundu.

– Zaidi ya hapo, setilaiti! Inaona moshi wa pilau!

– Lakini wamesema watoto watarudia – Mshamu aliwakatiza. – Kosa si lao, wamepewa mtihani mwingine mwezi wa kumi na mbili. Asipofaulu huo, Semeni wangu ndiyo basi, kidato cha kwanza ataishia kukisikia.

Kisha Waziri akajisogeza, akashusha sauti hata Abubakary akaacha kugonga vikombe.

– Basi safari hii tusikosee. Kasoro ilikuwa mkokotoaji. Tutafute mkokotoaji makini, msomi, mtu wa sayansi. Mchango upite tena, mapema.

Macho yote yakaenda kwa Gasper.

– Mwalimu – alisema Mshamu taratibu, bila kumtazama – mimi nitachanga. Wewe ni mtu wetu.

Gasper alisimama. Hatukuwahi kumwona hivyo. Ni mtu anayeomba radhi hata akimkanyaga mbuzi.

– Mtu wenu! Mnajua msimamizi anakula kiapo kabla hajakabidhiwa bahasha? Kiapo! Mkono juu, saini chini! Halafu anakiuza kwa paja la kuku! Mimi nawapokea watoto hao kidato cha kwanza. Mtoto ana alama A ya Hisabati, nikimwambia gawanya nusu kwa robo, analia. Halii kwa ujinga, mzee Mshamu, analia kwa aibu ya alama ambayo si yake. Na yule aliyesoma kwa kibatari, nafasi yake imekwenda na nani? Ninyi mnaniita nije niibe vizuri zaidi!

– Punguza sauti, ticha – alisema Waziri. – Si walimu wenzako walioanza?

– Walimu wenzangu, ndiyo! Wakifukuzwa na kushtakiwa nitakuwa wa kwanza kusema wamestahili. Wakuu wanawabana, shule ikishika mkia mkuu wake anavuliwa cheo, nalijua hilo. Lakini aliyebanwa anapiga kelele, hachani bahasha!

– Yeye ana mshahara – alinong'ona Takwimu. – Mwenye mshahara husema vizuri.

Mshamu alikuwa ameinamisha kichwa. Nami, niseme kweli, nilikuwa natafuta neno la kumwunga mkono Gasper ambalo halitanikosanisha na Waziri, na sikulipata.

Hapo ndipo Semeni alipotokea, kanga ya shangazi begani, amechoka kumsubiri baba yake.

– Shikamooni.

– Marahaba, mwanangu – tulijibu sote, kwa upole wa watu waliofumwa.

– Baba, shangazi anasema nitarudia mtihani. Ni kweli?

– Kweli, mama. Mungu akipenda.

Alifikiri kidogo, akichora mchanga kwa kidole cha mguu.

– Sasa nisilibe jibu lipi kwa penseli? Ninalolijua, au mtakaloniletea?

Waziri alikohoa. Takwimu alichukua kiatu cha mteja akaanza kukikagua kisigino kana kwamba jibu limegandia pale. Gasper alimtazama Mshamu.

– Maana ile ya mikoko – alisema Semeni – nilikuwa nimeshasiliba majini. Akapita mwalimu msimamizi, akanipa kifutio.