Maji ya Monghiben

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika nyumba yetu ya wasafiri hapa Khambhadi, Bi. Monghiben Chavda anastaafu tarehe 31 Mei. Kamati yetu iliyoko Surat imeniomba niandike habari zake kwa uchangamfu, zisizidi ukurasa mmoja. Uchangamfu nitajitahidi. Mimi ndiye msimamizi wa nyumba hii, nimefanya naye kazi karibu muda wote huo, na sina hakika kama ninao wa kutosha.

Kazi yake ilikuwa maji. Alfajiri aliyateka kisimani, akayachuja kwa kitambaa kizito kilichokunjwa mara mbili, kisha akakigeuza kitambaa na kukisuuza kwa maji yaliyochujwa, na vile viumbe vidogo vilivyonaswa akavishusha kwa ndoo hadi kule kule kisimani. Havikumwagwa bondeni, wala kwenye kisima cha jirani. Kiumbe hurudishwa kwao. Mwaka mmoja mfanyabiashara wa Mumbai, mgeni wetu, alijitolea kumsaidia akakung'uta kitambaa kwenye mtaro. Nilimsikia Monghiben nikiwa ofisini: "We kaka, hao walikuwa na kwao! Sasa nani atawaonyesha njia?" Mfanyabiashara alicheka peke yake. Jioni alimkuta Monghiben bado amechutama kando ya mtaro, akaomba radhi.

Baada ya kuchuja, aliyachemsha yakatokota vizuri, akayamimina kwenye masinia mapana ya shaba yapoe kwa ajili ya watawa wetu, wanawake wa mavazi meupe wapitao kwa miguu wakienda kuhiji kwenye mahekalu ya Palitana. Watawa hawanywi maji mabichi. Maneno yetu ya kale yanasema kila kinachopumua, kila kilichopo, kila chenye uhai na hisia, kisipigwe, kisitawaliwe, kisifanywe mtumwa, kisiteswe, kisiondolewe uhai, kwa kuwa vyote vinapenda kuishi na maumivu yanavichukiza vyote. Tena yanasema kwamba maji yenyewe ni uhai. Haitoshi kuviokoa vidudu vilivyomo. Tone lenyewe linaishi, sawa na udongo, moto, upepo na mmea.

Ndiyo kusema, anayeyanywa mabichi anameza walio hai, na anayeyachemsha anawaua. Mtawa ameapa kutoua, kutomtuma mtu aue, na kutoridhia anapoua mwingine, si kwa mwili, si kwa ulimi, si kwa moyo. Kwa hiyo hawezi kupokea maji yaliyochemshwa kwa ajili yake, maana akiyapokea amekwisha kuridhia. Anaweza tu kupewa sehemu ya maji ambayo watu wa nyumba wamejichemshia wenyewe.

Zamani hilo halikuwa tatizo. Khambhadi ilikuwa na familia za dini yetu tele, na nyingi zilikunywa maji ya kuchemsha. Kisha zikahamia Surat kwenye biashara ya almasi, na Mumbai, moja baada ya nyingine. Milangoni kwao yamebaki makufuli. Mimi mwenyewe, naona haya kusema, tumbo langu halikuwahi kuyazoea maji yaliyochemshwa. Basi Monghiben, mjane wa mfinyanzi, mtu ambaye si wa dini yetu, alinijia siku moja akaniambia, "Hasmukhbhai, kuanzia leo nakunywa ya kuchemsha. Sufuria ni langu. Wakija, nitawagawia ya kwangu." Kamati ilimpa cheti na shali, naye shali akampa binti yake.

Kamati imeshauri habari za Mei mwaka jana zisiandikwe. Naziandika, kwani bila hizo hakuna atakayeelewa kwa nini mwanamke mwenye nguvu zake anaacha kazi.

Siku hiyo Monghiben alikuwa ametoka kwa binti yake Botad. Alirudi mchana, jua likiwa kali kupita kiasi, akawakuta barazani watawa wawili. Mmoja alikuwa Sadhvi, yaani Mtawa, Nirjarashri, ambaye tulimjua kwa miaka mingi, sasa mzee, midomo imepasuka. Masinia yalikuwa makavu. Monghiben hakuvua hata viatu. Aliwasha moto, akachuja, akachemsha, akapoza kwa kupepea, halafu akakumbuka kwamba kupepea nako ni kuudhuru upepo, akaacha, akakaa anayatazama yale maji yapoe yenyewe huku machozi yanamtoka.

Alipoyaleta, mtawa hakuangalia chombo. Alimwangalia yeye.

"Ben, dada yangu, haya umeyachemsha kwa ajili ya nani?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mtawa. Nilimkonyeza Monghiben, nikajigusa kifua: sema ni yako. Neno moja tu.

"Ya kwenu, Maharaj," akasema, kwa jina la heshima tunalowaita watawa. "Mna kiu."

"Basi hayatufai."

"Na mimi nitakunywa! Nitakunywa nanyi!"

"Kikombe kimoja chako, na sufuria zima letu?" Mtawa alitabasamu nyuma ya kitambaa wanachoziba mdomo ili pumzi isiudhuru upepo. "Hayo pia ni yetu, ben."

Hapo mimi nilishindwa kujizuia. "Maharaj, yameshachemka! Waliomo wamekufa. Usipokunywa ndio watafufuka?"

"Hawa wamekufa, Hasmukhbhai," akasema taratibu. "Nikinywa, kesho atawasha tena kwa ajili yangu. Wa kesho bado wako hai."

Waliondoka jua lilipopungua makali, ili wafike kituo kinachofuata kabla halijazama, kwani baada ya hapo hawanywi kitu. Hawakufika kwa wakati. Asubuhi nilipigiwa simu kwamba Sadhvi Nirjarashri amefariki. Nilimpa Monghiben habari hiyo akiwa kisimani. Aliteremsha ndoo hadi chini kabisa, polepole, akarudisha viumbe vyake, ndipo akaketi chini.

Wakuu wa watawa walituma ujumbe kwamba hana hatia: hakudanganya, na mtawa alichagua mwenyewe. Ujumbe mzuri. Haukumsaidia. Wiki chache baadaye alinieleza, "Hasmukhbhai, mimi sikuwahi kuyapenda maji ya moto. Nilikunywa ili wao wapate. Basi yote yalikuwa ya kwao, tangu siku ile. Niliwanywesha kifo nao hawajui." Nilimwambia anajitesa bure. Nilimwambia anayempenda mtu hawezi kuutenga moyo wake na mkono wake. "Ndiyo," akasema, "ndiyo hivyo hivyo." Aliacha kuchemsha. Amerudi kwenye maji mabichi yaliyochujwa, akabaki anafagia ua na kuteka.

Tumetangaza nafasi yake. Hakuna aliyeomba. Kamati imeleta katoni za maji ya chupa, ambayo ni mabichi, na watawa hawayagusi.

Juzi walipita watawa watatu, jua liko utosini. Monghiben aliwapokea langoni kwa viganja vilivyounganishwa, wakamuuliza kama nyumba ina maji ya kuchemsha. Mkaa ulikuwepo. Sufuria lilikuwepo.

"Hakuna, Maharaj," akasema. "Sichemshi tena."

Mkubwa wao aliinua mkono akambariki, akamshukuru kwa kusema kweli, nao wakaendelea na barabara, miguu mitupu kwenye lami.

Monghiben, wafanyakazi wote wa Khambhadi tunakushukuru. Huko Botad kwa binti yako upate usingizi, upate wajukuu wa kukusumbua, na kila unapokunywa maji, unywe kwa sababu una kiu wewe.

Hasmukh Doshi, Msimamizi