Mama Nabintu na Aya Iliyokatwa Katikati

Jumamosi ya tarehe 29 Juni 2024, Mama Sakina Nabintu anaweka chaki chini. Amefundisha katika shule yetu ya msingi ya An-Nasiha, mtaa wa Mapendo, tangu Septemba 1993. Hesabuni wenyewe. Wazazi wengi watakaosoma karatasi hii walifundishwa naye kuandika majina yao, na baadhi yao bado hunyoosha mgongo wakimwona anapita sokoni.

Alizaliwa Bukavu, baba akiwa mtu wa Kasongo na mama wa kabila la Bashi, wa Kabare. Kiarabu na tafsiri ya Qurani alivisoma Ujiji, kwa shangazi yake, kisha akaolewa Goma na kuletwa shuleni kwetu kufundisha darasa la pili. Volkeno ilipomeza majengo yetu mwaka 2002, alifundisha chini ya shitingi, yaani turubai la plastiki, juu ya mawe ambayo bado yalikuwa ya moto, na watoto wakikaa juu ya vibao ili wasiungue makalio. Ndiyo maana hakuna mwalimu mpya aliyewahi kumlalamikia juu ya dawati bovu akapata huruma.

Mimi ni Mkatoliki wa Butembo, na nimefundisha darasa la tano ukuta mmoja naye kwa miaka mingi. Wenzangu wameniomba niandike wasifu huu kwa sababu, wamesema, mimi ndiye ninayeongea sana. Nitaongea basi, na zaidi ya yote nitasimulia alasiri moja ya mwaka jana ambayo mpaka leo sijaisahau.

Lakini kwanza habari ya sementi. Miaka ya nyuma kizingiti cha ofisi kilimwagiwa sementi, na mkurugenzi akaandika ukutani kwa chaki ya mafuta: "Musikanyage hapa." Sementi ilikauka, mkurugenzi akahamishwa, maandishi yakabaki. Miaka saba baadaye watoto wote walikuwa bado wanaruka kizingiti kile kama mbuzi, na walimu wawili pia. Mama Nabintu alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, mtu akimletea neno lisilo na mahali lilipotoka, humwuliza, "Na sementi iko wapi?" Akikuuliza hivyo ndani ya kikao cha walimu, ujue umeshindwa.

Kila Jumamosi baada ya adhuhuri alikuwa na darasa la akina mama wa Kiislamu, katika chumba changu kwa sababu kina madirisha mazima. Walisoma aya, maana yake, na kile wanachokiita sababu ya kuteremka: aya ilishuka lini, juu ya nani, kulikuwa na nini. Mwaka jana, kipindi ambacho watu waliokimbia vita kutoka Masisi na Rutshuru walikuwa wamejaa kambi za Mugunga na Lac Vert, akina mama hao waliamua kupeleka sabuni, maharagwe na dawa ya kusafisha maji. Vitu vilikuwa vimeanza kurundikana nyuma ya meza yangu. Kisha ikasikika kwamba kolera, yaani kipindupindu, imeingia kambini.

Papa Cikuru Radjabu, muuza unga na mwanakamati wa shule yetu, alikataza. Mke wake Salima alikuwa mmoja wa akina mama wa darasa. Papa Cikuru aliwaambia waume wenzake msikitini kwamba Qurani yenyewe imesema: "Msijitupe kwa mikono yenu katika maangamizo." Ndani ya siku chache nusu ya akina mama hawakuja tena. Nani atamwambia mume wake abishane na Mungu?

Mama Nabintu hakumwendea dukani. Alimwalika darasani, pamoja na waume wote waliotaka. Jumamosi ile mvua ilinikuta nikisahihisha mitihani, nikabaki pembeni na rundo langu. Papa Cikuru alikuja, amevaa koti, akakaa kwenye dawati la mtoto magoti yakimfika kifuani.

Alianza yeye. "Mama Mwalimu, mimi siko nakataza watu kutoa. Mama yangu alikufa na kolera mwaka wa nonante-quatre, tisini na nne, hapa hapa Goma. Nilimubeba mimi. Sitaki kubeba Salima."

Nilimtazama Mama Nabintu nikaona hana haraka ya kumshinda.

"Asante kwa kutuambia, Papa Cikuru," alisema. "Sasa tusome aya yote. Salima, soma."

Salima alisoma kwa Kiarabu, kisha maana yake: "Na toeni katika njia ya Mwenyezi Mungu, wala msijitupe kwa mikono yenu katika maangamizo, na fanyeni wema. Hakika Mwenyezi Mungu huwapenda wafanya wema."

"Mbele ya maangamizo kuna neno gani?"

"Toeni," akina mama wakajibu.

"Na nyuma yake?"

"Fanyeni wema."

"Basi tumekuwa tunabeba kipande cha katikati tu," alisema. "Sasa tuulize ilishukia nani."

Akasimulia. Miaka mingi baada ya Mtume kufariki, jeshi la Waislamu lilikuwa mbele ya kuta za mji wa Warumi. Mtu mmoja akatoka peke yake akaingia katikati ya safu ya adui, na watu wakapiga kelele kwamba anajitupa katika maangamizo. Alikuwepo pale Abu Ayyub, mzee wa Madina, yule ambaye Mtume alikaa nyumbani kwake alipohamia. Akasimama akawaambia kwamba aya hiyo wanaiweka si mahali pake. Ilishuka juu yetu sisi Ansari, alisema, sisi watu wa Madina. Uislamu ulipopata nguvu na watu wake wakawa wengi, tulinong'onezana wenyewe kwa wenyewe kwamba mali zetu zimeharibika; sasa tukae, tutengeneze mashamba yetu. Ndipo aya ikashuka kutukatalia. Maangamizo yalikuwa ni kule kukaa na mali tuitengeneze, na kuacha kutoka vitani.

"Siko nafundisha vita," aliongeza. "Vita kwetu iko ya kutosha. Niko naonyesha maangamizo ya aya ilikuwa nini."

Nilikuwa nimeacha kusahihisha. Kalamu nyekundu ilivuja juu ya karatasi ya mtoto na sikuiona.

Mzee mmoja aliuliza tutajuaje kwamba hiyo ndiyo sababu. Yeye amewahi kusikia aya hiyo ni ya mtu anayetenda dhambi akakata tamaa ya kusamehewa. Mama Nabintu alifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi. Alieleza kwamba sababu ya kuteremka haikisiwi kwa akili. Huchukuliwa kwa aliyekuwepo, kwa mapokezi, yaani masimulizi yaliyopitia watu wanaojulikana. Tena masahaba waliposema "aya hii imeshuka juu ya jambo fulani," mara nyingine walisimulia tukio lenyewe, na mara nyingine walimaanisha tu kwamba jambo hilo nalo limo ndani ya maana yake. Yule wa dhambi anaeleza maana inayoingia. Abu Ayyub anasimulia tukio: sisi tulisema hivi, aya ikatujibu.

Papa Cikuru aliinua mkono kama mwanafunzi. Hakuwa mtu mwepesi. "Lakini tulifundishwa aya haifungwi na sababu yake. Maneno ni ya watu wote. Basi hata mimi nikisema mutu asijiue na kolera, niko ndani."

Hapo ndipo nilipodhani mwenzangu amekwama. Yeye akapiga meza kwa kiganja, uso unang'aa.

"Ndiyo kabisa. Hiyo ndiyo kanuni: kinachoangaliwa ni upana wa neno, si ufinyu wa sababu. Aya si kama maandishi ya sementi, haikauki. Papa Cikuru iko ndani ya aya, na woga wake uko ndani. Mutu asijitupe kwa ugonjwa bila akili. Lakini shika na nusu ya pili. Mengine yanaweza kuingia ndani ya aya, ila ile sababu yenyewe haiwezi kutolewa nje. Hiyo sababu ndiyo mwenye nyumba. Aya iliyoshuka kukataza watu kuzuia mali yao, huwezi kuifanya ikusaidie kuzuia mali yako. Ukifanya hivyo umemufukuza mwenye nyumba, umebaki na mugeni."

Akina mama walianza kuongea wote mara moja. Papa Cikuru alingoja, kisha akatoa neno lake la mwisho, na lilikuwa zito. Mtume amesema mkisikia tauni iko mahali msiingie, na ikitokea mahali mlipo msitoke kuikimbia. Je, Lac Vert si hivyo hivyo?

"Hapo umenikamata," Mama Nabintu alisema. "Hiyo siwezi kuijibu kwa tafsiri peke yake. Tuulize mwenye kujua ugonjwa."

Jumatatu walikwenda pamoja, yeye, Salima na Papa Cikuru, kwa muuguzi Umuhoza aliyehudumia kambini. Muuguzi aliwaambia kolera huenda kwa maji na mikono michafu, si kwa pumzi, na wasiingie kwenye mahema. Vitu vishushwe kando ya barabara ya Sake, wajumbe wa wakimbizi wavipokee hapo, na kila mtu anawe kwa maji ya klorini akifika na akiondoka, wala asile chochote huko.

Papa Cikuru alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Basi aya iko inaongea na mimi mara mbili. Nitoe, na ninawe mikono."

Siku ya safari, lori lililosimama mbele ya shule lilikuwa lake, na juu ya maharagwe yetu aliongeza magunia ya unga. Akina mama wote walikuwa wamerudi. Kule barabarani yeye ndiye aliyeshika ndoo ya klorini, akimsimamia kila mtu kama daktari mkuu, na Salima alipotaka kuondoka bila kunawa mara ya pili, akamrudisha. Mama mmoja mkimbizi, Mukamugema, alipokea unga akauliza sisi ni watu wa kanisa gani. Mama Nabintu akaninyoshea mimi kidole, kisha akajinyoshea yeye mwenyewe, akasema, "Ya yote mawili, mama." Tulirudi Mapendo tukiimba ndani ya lori, kila mmoja wimbo wa kwao. Hakuna hata mmoja wetu aliyeugua.

Safari hizo ziliendelea mwezi baada ya mwezi. Ninaweza kutaja pia watoto waliopita darasani kwake wakafaulu TENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, kwaya ya kaswida aliyoianzisha, na jinsi alivyotupikia sote pilau siku mishahara ilipochelewa. Lakini nikiulizwa ametuachia nini, nitajibu kwamba ametuzoeza kumsikiliza anayetupinga mpaka amalize, na kumshukuru.

Darasa la Jumamosi sasa linaongozwa na Salima. Wiki iliyopita nilipita karibu na dirisha. Mama Nabintu alikuwa amekaa dawati la nyuma, mkono juu, akiuliza maswali magumu kuliko watu wote, na Salima akamwambia, "Mama, ngoja zamu yako." Akangoja, akitabasamu.

Mama Sakina, kwa niaba ya wakurugenzi uliowavumilia, walimu uliowacheka, watoto na watoto wa watoto wao: aksanti sana. Pumzika bila kuchoka, ule matunda ya mikono yako, na Mungu akujalie afya na siku ndefu zenye utulivu hapa Goma yetu. Tunakutakia kila jema, na mlango wa darasa la tano uko wazi.

Héritière Masika, mwalimu wa darasa la tano