Gauni la Bluu Lililopunguzwa Tena

Ndugu, jamaa na majirani, nimepewa kusoma wasifu huu kwa sababu mbili: mimi ndiye mdogo wa marehemu, na sauti yangu haina haja ya spika.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Juni 1956, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mama yetu alisema alikuja duniani amekunja ngumi. Ngumi zilikunjuka, ubishi ukabaki.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1970, akapata cheti cha ushonaji chuo cha ufundi mwaka 1974. Hapo chuoni alimshonea mkuu wa chuo suruali, mzee akalalamika kwamba mguu mmoja ni mrefu. Dada akamzunguka, akamtazama vizuri, akasema, "Mwalimu, suruali haina kosa. Wewe ndiye unayesimama upande." Alipewa adhabu ya kufagia karakana, lakini suruali haikuguswa.

Tangu mwaka 1976 alishona sare za wanafunzi na wauguzi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Wengi wenu hapa mlipita mikononi mwake, na vipimo vyenu alivijua kuliko wake zenu. Kitambaa cha ziada ndani ya mshono hakukikata kamwe. "Mtu hunenepa," alisema, "mwachie nafasi."

Tarehe 3 Desemba 1979 aliolewa na shemeji yetu, seremala, aliyekuja kutengeneza meza ya kukatia vitambaa. Meza ilipona mapema, yeye akaendelea kuja.

Mwaka jana dada alianza kukonda. Tukimuuliza, anasema amepunguza chumvi. Mwezi Septemba madaktari walikuta saratani ya tumbo. Binti yake, karani wa benki, aliomba likizo akamuuguza hadi mwisho. Dada alifariki hospitalini Jumatatu, saa nne asubuhi, binti akiwa amemshika.

Sasa niseme jambo, maana maneno yanazunguka. Mmesema binti hajatoa hata chozi. Mmesema ana moyo mgumu. Mimi nilikuwepo chumbani Jumanne, alipopanga nguo za mama yake na kutafuta ya kumzika nayo. Dada yetu mkubwa alikuwepo pia, naye alikuwa wa kwanza kunong'ona.

Binti alifungua kabati akatandaza nguo kitandani: za kugawa huku, za kubaki kule. Alipekua kila mfuko. Kila blauzi aliifunga vifungo vyote, hadi cha shingoni, hata zile za kugawa, ndipo akaikunja. Sweta la kijivu hakuliweka popote. Alilivaa. Jua lilikuwa kali, bati linalia, naye amevaa sweta.

Kisha akachukua gauni la bluu, lile mama yake alilovaa kwenye harusi ya mwanawe wa kiume, akaligeuza ndani nje. Akapitisha kidole kwenye mshono wa kiunoni, akasimama.

"Mjomba, njoo uone."

Palikuwa na matundu ya sindano ya mshono wa zamani uliofumuliwa. Pembeni yake palikuwa na mshono mwingine, umeingia ndani zaidi.

"Harusi ilikuwa Machi mwaka jana, kabla ya hospitali," akasema. "Hakulivaa tena. Kwa hiyo Machi alikuwa ameshalipunguza. Alijua, mjomba. Alijua, akacheza muziki hadi mwisho."

Akakaa kitandani, gauni mapajani, akilainisha mshono uleule kwa kidole gumba. Nami nikaanza kukunja soksi, kazi ambayo sijawahi kuifanya maishani.

Dada mkubwa akasema, "Sasa litampwaya. Tulibane pini mgongoni, nani atageuza kuangalia?"

"Mama mkubwa, mama hawezi kwenda na pini."

"Basi vipimo utavipata wapi, mwanangu?"

Binti akasimama katikati ya chumba. Akanyoosha mikono, akaizungusha mbele yake kama anavyomshika mtu anayemnyanyua kitandani, mkono wa kulia ukakamata wa kushoto juu kidogo ya kiwiko.

"Hapa. Jumapili nilipombadilisha shuka, mikono ilifika hapa. Pima."

Dada mkubwa akachukua futi, akaipitisha ndani ya ile mikono. Hakuweza kusoma namba, macho yalikuwa yamejaa. Nilisoma mimi, na sauti hii mnayoisikia ikawa mnong'ono.

Binti akafumua mshono kwa wembe, uzi baada ya uzi, akachora kwa chaki, akakaa kwenye cherehani. Alishona taratibu, akapiga pasi. Kitambaa kilichozidi ndani kilikuwa kingi. Alishika mkasi, akaurudisha kwenye droo.

Marehemu ameacha mume, binti, mwana wa kiume, wajukuu wanne, dada na mimi. Mliopita kumuaga mmemwona, hakuna pini.

Pumzika, dada. Gauni limekukaa.