Kengele Nyuma ya Sauti ya Mjane

Kwenye bajaji ya Bombambili, dada mmoja alishikilia kwamba muuaji katika ile podikasti ya hadithi ya mauaji ni dereva wa marehemu. "Kila akitajwa, unapigwa muziki wa kutisha!"

"Huo ni mtego, mdogo wangu," akajibu mama aliyekaa kati yetu. "Mtunzi anataka umtazame yeye. Rudia pale mjane anapopiga simu, eti yuko shambani. Vaa hedifoni, utasikia kengele nyuma yake. Ni ya misheni, jirani na nyumba alimouawa mumewe. Sehemu ya kwanza waliitaja katikati ya utani, tukacheka, ikatupita."

Dada akabisha. Simu ya mama ikaita.

"Baba Leo, niko kanisani, kwaya bado," akasema, mpole kama mtawa.

"Bombambili sokoni, mwisho! Shukeni!" akafoka dereva wetu.

Mama akakata. Simu ikaita tena, bila muziki wowote wa kutisha.